Barua kwa mtengenezaji programu: skripti ya kunikumbusha kuagiza bidhaa za duka

Kayole, Nairobi

Kijana wangu,

Salamu. Uliniuliza kwa simu skripti ninayoitaka ifanye nini hasa, na kwa simu sikuweza kukueleza vizuri kwa sababu wateja walikuwa wamejaa dirishani. Nimekaa sasa nikupangie hatua kwa hatua: nitakupa nini, wewe unipe nini, na katikati hesabu ipigwe vipi. Ukiona mahali hapaeleweki, uliza kabla hujaanza kuandika msimbo.

Kwa kifupi: kila asubuhi saa kumi na mbili nataka ujumbe mmoja kwenye simu unaoniambia niagize nini leo na beli ngapi. Sihitaji programu ya kuuzia wala picha za michoro ya mauzo.

Hatua ya 1: Namba zitatoka wapi

Najua utakachofikiria kwanza, kwa sababu aliyekutangulia alifikiria hivyo hivyo: uchukue taarifa ya Lipa na M-Pesa na usome mauzo humo. Haitafaa. Taarifa ile inaonyesha kwamba mtu alilipa shilingi 250 saa moja jioni. Haionyeshi kama alichukua unga na chumvi au sabuni na viberiti. Tena wengi hulipa pesa taslimu, na wengine huandikiwa deni. Isitoshe ina taarifa za wateja, na hizo sioni sababu ya kuzitoa dukani.

Kupiga kila bidhaa kwa mashine ya kusoma alama pia usinishauri. Jioni foleni ikiwa ndefu hakuna mtu wa kungoja nitafute alama kwenye kiberiti.

Njia ninayoiweza ni kuhesabu kilichobaki. Kila usiku nikifunga, mimi au kijana anayenisaidia tunahesabu bidhaa 24 zinazotoka haraka, tunaandika kwenye Google Sheets kwa simu. Mzigo ukiingia tunaandika pia. Kutokana na hayo mawili skripti itajua mauzo yenyewe: kilichokuwepo jana, ongeza kilichoingia leo, toa kilichobaki usiku. Uzuri wake ni kwamba pakiti iliyopasuka, ile niliyobeba nyumbani na ile iliyotoka kwa deni zote zinahesabika kuwa zimetoka, na kwa kazi ya kuagiza hilo ndilo ninalotaka kujua.

Hatua ya 2: Kurasa mbili za kusoma

Ukurasa wa kwanza unaitwa `bidhaa`. Huu hubadilika mara chache, na nitakuwa naubadilisha mwenyewe, kwa hiyo kitu chochote kilicho humu kisiandikwe ndani ya msimbo.

```
kodi,jina,kizio,kwa_beli,siku_lori,kiwango_juu,wastani_mkono
UNG2,Unga 2kg,pakiti,12,Jumanne|Ijumaa,120,12
```

`kwa_beli` ni pakiti ngapi ziko ndani ya beli moja. Unga wa kilo mbili ni 12. `kiwango_juu` ni wingi ambao nafasi yangu na pesa zangu zinaruhusu. `wastani_mkono` ni makadirio yangu mwenyewe, nitakueleza yatumike lini. `siku_lori` ni siku ambazo msambazaji huleta. Kuna bidhaa kama maharagwe ambazo naenda kuzichukua mwenyewe Nyamakima kila Jumamosi. Hizo nitaandika Jumamosi, na skripti inichukulie mimi kuwa ndiyo lori.

Ukurasa wa pili unaitwa `daftari`, na huo ndio unaoandikwa kila siku.

```
tarehe,kodi,tukio,kiasi,kizio
2026-05-11,UNG2,HESABU,30,pakiti
2026-05-12,UNG2,INGIZO,5,beli
2026-05-12,UNG2,HESABU,78,pakiti
2026-05-13,UNG2,HESABU,65,pakiti
```

Soma mistari hiyo nami. Jumatatu usiku kulikuwa na pakiti 30. Jumanne ziliingia beli tano, yaani 60, na usiku zikabaki 78. Kwa hiyo Jumanne ziliuzwa 12. Jumatano ziliuzwa 13. Angalia kwamba mzigo naandika kwa beli, kwa sababu risiti ya msambazaji inasema beli, ila rafuni nahesabu pakiti. Usinilazimishe nizidishe kichwani usiku nimechoka. Skripti isome `kizio` na kubadilisha yenyewe. Sukari ya kupima naiandika kwa kilo, na humo desimali zikubaliwe, maana gunia lililofunguliwa linaweza kubaki kilo 17.5. Mafuta ya kupima yaache kabisa, hayo nayaona kwa macho.

Tarehe iwe hivyo nilivyoandika, mwaka kwanza. Simu ya kijana wangu ilikuja ikiweka mwezi mbele ya siku, na tarehe 5 Desemba ikisomwa kuwa 12 Mei wastani wote unaharibika bila mtu kugundua. Weka ukurasa ukatae tarehe ya namna nyingine, na ukatae pia kodi ambayo haimo kwenye `bidhaa`.

Hatua ya 3: Wastani wa mauzo ya siku

Hapa ndipo naomba uwe makini zaidi ya mahali pengine pote, kwa sababu kosa la hapa halionekani. Skripti itatuma ujumbe wake kila asubuhi vizuri kabisa, na bado itakuwa inanidanganya.

Nataka wastani wa siku 14 zilizopita. Jambo rahisi ni kujumlisha mauzo ya siku 14 na kugawanya kwa 14. Usifanye hivyo. Chukua unga wangu kuanzia tarehe 30 Aprili hadi 13 Mei mwaka huu wa 2026. Ijumaa ya tarehe 1 Mei ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, lori halikuja. Unga ukaisha siku hiyo hiyo usiku. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu nilikuwa sina hata pakiti moja, mpaka Jumanne tarehe 5 lori lilipofika. Katika siku hizo 14 niliuza pakiti 132. Ukigawanya kwa 14 unapata kama 9.4 kwa siku. Lakini siku tatu zile watu walikuja kuuliza unga wakaenda duka la pili. Sifuri ya siku hizo ni ya rafu, haikuwa ya wateja. Siku ambazo unga ulikuwepo ni 11, na 132 gawanya kwa 11 ni 12. Hiyo 12 ndiyo kweli.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu wastani mdogo unafanya niagize kidogo, nikiagiza kidogo bidhaa inaisha tena, ikiisha wastani unashuka tena. Baada ya miezi michache skripti itaamini kwamba watu wa Kayole hawali ugali.

Kwa hiyo kanuni ni hii: siku iliyoanza na sifuri, na ambayo hakuna kilichoingia, isihesabiwe kabisa, si kwenye mauzo wala kwenye idadi ya siku. Siku ambayo bidhaa ilikuwepo asubuhi ikaisha katikati ya siku ihesabiwe tu kama kawaida. Najua hiyo nayo inapunguza wastani kidogo, lakini nitaifidia kwa akiba utakayoiona hapa chini.

Kuna mambo mengine matatu yatakayotokea, na kila moja lina jibu lake.

Usiku mwingine hatutahesabu. Umeme ukipotea, au nikifunga mapema kwa sababu ya msiba, mstari wa HESABU hautakuwepo. Kutokuwepo kwa namba si sifuri. Kama Jumatatu ilihesabiwa, Jumanne ikarukwa, Jumatano ikahesabiwa, tafuta mauzo ya siku mbili kwa pamoja kisha uyagawe sawa.

Pili, mauzo yanaweza kutoka hasi. Jana 30, leo 78, na hakuna INGIZO: hiyo inamaanisha mzigo uliingia bila kuandikwa, au mtu amekosea kuhesabu. Usiibadilishe kimyakimya kuwa sifuri. Iache siku hiyo nje ya wastani na uniambie kwenye ujumbe kwamba hesabu ya bidhaa fulani hailingani, nami nitatafuta risiti.

Tatu, siku nzuri zikiwa chini ya tano kati ya 14, usikadirie chochote, tumia `wastani_mkono`. Hili pia litakuokoa na kugawanya kwa sifuri bidhaa ikiwa mpya dukani au haijaonekana sokoni wiki mbili.

Hatua ya 4: Uamuzi wa kuagiza

Msambazaji wa unga huleta Jumanne na Ijumaa. Oda yake ni lazima imfikie kabla ya saa sita mchana wa siku ya kutangulia, yaani Jumatatu kwa lori la Jumanne na Alhamisi kwa lori la Ijumaa. Kwa hiyo swali la kila asubuhi ya kuagiza ni moja: nisipoagiza leo, nilichonacho kitanifikisha lori la pili? Kama hakinifikishi, niagize leo.

```
siku   = kuanzia leo hadi mkesha wa lori la pili
kikomo = wastani * (siku + 1)
kama (baki + njiani) <= kikomo: agiza
beli   = ceil((kiwango_juu - baki - njiani) / kwa_beli)
```

Ile `+ 1` ndiyo akiba. Ni siku yenyewe ya lori, kwa kuwa hufika alasiri na mara nyingine linaingia usiku, na unga huuzwa zaidi jioni watu wakitoka kazini.

Tupige hesabu ya Alhamisi tarehe 14 Mei asubuhi. Usiku wa kuamkia zimebaki pakiti 65, na hakuna oda iliyo njiani. Nikiagiza leo nitapata lori la Ijumaa tarehe 15. Nisipoagiza, lori nitakalopata ni la Jumanne tarehe 19. Siku za kuvuka ni Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu: tano. Kikomo ni 12 mara 6, yaani 72. Sitini na tano iko chini ya 72, basi skripti iseme agiza. Kiasi ni 120 toa 65, zinabaki 55. Gawa kwa 12 unapata 4 na kitu. Panda juu, beli tano. Usiogope kwamba zitazidi 120, kufikia Ijumaa alasiri nitakuwa nimeuza za siku nzima na zaidi.

Sasa weka ule wastani mbaya wa 9.4 uone. Kikomo kinakuwa kama 57. Sitini na tano iko juu yake, skripti inanyamaza. Mimi nikiuza 12 kwa siku kama kawaida, Jumapili usiku zimebaki 17, Jumatatu asubuhi ndipo napata ujumbe, Jumatatu usiku zimebaki 5. Jumanne lori likichelewa, jioni nzima sina unga. Hii ndiyo sababu mfano huu huu nitautumia kukupokea kazi.

Sikukuu zinahesabiwa hapa. Nitaweka ukurasa wa tatu, `sikukuu`, wenye tarehe tu. Lori likiangukia tarehe iliyomo humo, skripti ilichukulie halipo na itafute linalofuata. Kwa mfano Mashujaa ya mwaka huu, 20 Oktoba, ni Jumanne. Alhamisi tarehe 15 Oktoba asubuhi lori la pili haliwi tena la Jumanne, ni la Ijumaa tarehe 23. Siku za kuvuka zinakuwa nane na kikomo cha unga kinapanda hadi 108. Usiweke sikukuu ndani ya msimbo hata kama unaona zinajirudia kila mwaka. Iddi hutegemea mwezi kuandama, na sikukuu ikiangukia Jumapili inahamia Jumatatu. Tena oda ya Jumatatu ya sikukuu haina wa kuipokea, kwa hiyo siku ya kuagiza ikiwa sikukuu, ujumbe utoke siku ya kazi iliyotangulia, Jumamosi ikiwemo.

Hatua ya 5: Oda iliyo njiani

Nikishaagiza naandika mstari mmoja kwenye `daftari`, tukio `AGIZO`, kiasi 5, kizio beli. Kuanzia hapo pakiti hizo 60 ziingie kwenye `njiani`, ili skripti isinisumbue kwa kitu nilichokwisha kuagiza. INGIZO ikija, iondoe kwenye `njiani` kiasi kilichoingia.

Lakini msambazaji anaweza kuahidi na asije, au alete beli tatu badala ya tano. Kama siku ya lori imepita na usiku wake hakuna INGIZO, skripti iache kuhesabu oda hiyo na iniulize kwenye ujumbe wa asubuhi kama mzigo umefika. Zilizopungua pia zifutwe, zisibaki njiani milele. Oda ya kufikirika ikikaa kwenye hesabu inaficha shimo: kila asubuhi nitaambiwa nina pakiti 60 zinazokuja, na zinazokuja hazipo.

Hatua ya 6: Ujumbe wenyewe

```
DUKA Alh 14/5. AGIZA LEO: Unga 2kg beli 5 (baki 65). Chumvi beli 1 (baki 7). HAIJAHESABIWA: Sukari.
```

Ni ujumbe mfupi wa kawaida, si WhatsApp, kwa sababu asubuhi bando huwa limeisha au halijanunuliwa. Usizidi herufi 160, ambazo ndizo zinazoingia kwenye ujumbe mmoja. Hapa kuna mtego mdogo: mtu akiandika jina la bidhaa kwa simu, kama lile la maziwa ya ng'ombe, simu huweka alama ya juu iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Alama moja ya hivyo, au kikaragosi kimoja, inashusha nafasi kutoka herufi 160 hadi 70, na nitalipia ujumbe mbili au tatu bila kujua kwa nini. Skripti inyooshe alama hizo na kufuta vikaragosi kabla ya kutuma. Bidhaa zikiwa nyingi mno kwa ujumbe mmoja, anza na ile itakayoisha mapema kuliko zote.

Siku ambayo hakuna cha kuagiza nitumie pia: «Hakuna cha kuagiza. Bidhaa 24 zimehesabiwa.» Nikiona kimya nitajua skripti imekufa au salio la kutuma limeisha, na nitachukua daftari langu la karatasi.

Saa kumi na mbili asubuhi ninayosema ni 06:00. Nimeandika hivi kwa makusudi, kwa sababu ukiweka 12 ujumbe utanifikia saa sita mchana, wakati msambazaji anafunga oda. Na kama seva yako iko kwenye saa ya UTC, Nairobi tuko mbele kwa saa tatu mwaka mzima, hivyo mstari wa kuiamsha ni huu:

```
0 3 * * *
```

Kukabidhi na malipo

Usiniletee kitu cha kuona kwanza. Niletee majibu ya majaribio manne: unga wa tarehe 14 Mei lazima utoe beli tano, unga uleule asubuhi ya 15 Oktoba, ukiwa na pakiti 100 na wastani wa 12, lazima useme agiza beli mbili, daftari lenye usiku mmoja uliorukwa lisibadilishe wastani, na oda ambayo haikufika iulizwe kesho yake ya siku ya lori. Data ya majaribio nitakutumia.

Akaunti ya kutuma ujumbe na ya seva zifunguliwe kwa jina langu na barua pepe yangu, na nywila nizibadilishe mwenyewe siku ukimaliza. Msimbo nao ubaki kwangu. Gharama ya kila ujumbe na ya seva kwa mwezi niandikie mbali na malipo yako ya kazi, nisije nikazichanganya.

Malipo: theluthi moja ukianza, theluthi moja majaribio manne yakipita, na iliyobaki skripti ikishatembea wiki mbili bila kurukwa asubuhi yoyote. Katika wiki hizo mbili nitaendelea kuagiza kwa daftari la karatasi, na kila siku nitalinganisha ujumbe wako na uamuzi wangu. Tukitofautiana nitakutumia picha ya rafu na mistari ya siku hiyo, wewe uniambie namba gani ilitoka wapi.

Nijibu kufikia Jumamosi jioni na bei yako na siku utakazohitaji. Asubuhi ya Jumamosi usinipigie, nitakuwa Nyamakima na kule kelele ni nyingi.

Mama wa duka la kona, Kayole